Chaja Iliyolia na Iliyonyamaza

Zack Oketch alifanya kazi miaka ishirini na miwili katika karakana ya umeme ya kiwanda kimoja cha chai, akisuka upya nyaya za mota zilizoungua. Mota za feni za kunyausha majani, mota za mashine za kusaga, mota za mikanda ya kubebea chai; zote zilipita mikononi mwake. Wenzake walizoea kumwita asimame katikati ya kiwanda, afumbe macho, aseme ni ipi inayougua. Naye alisema. Mota nzima ilikuwa na mngurumo wake, na yenye beringi iliyolika ilikuwa na wake, na Oketch alikosea kwa nadra. Kiwanda kilipopunguza watu, alipewa barua na mkono wa kuagwa. Akanunua kibao cha mbao, chuma cha kulehemia nyaya na mita, akafungua kibanda cha kutengeneza simu na redio pale sokoni Sigowet.

Yunia, mke wake na mama wa Beverly, alibaki kuchuma majani kwenye mashamba ya kampuni. Wote wawili walikuwa watu wa Nyakach, kule bondeni, na kutoka Sigowet ukisimama mahali pazuri siku isiyo na ukungu unaliona ziwa. Walikuwa wamekaa juu huku muda mrefu kuliko walivyowahi kukaa nyumbani. Oketch alizungumza Kipsigis, lugha ya wenyeji, cha kutosha kusalimia, kununua, kutaniana na kuomba msamaha. Kibanda chake kilipata wateja. Watu walisema, "Peleka kwa Oketch, huyo hakudanganyi." Hiyo ndiyo mali aliyokuwa nayo.

Mwezi wa nne, mvua zikiwa zimeanza, Phyllis Chepchirchir alikuja kibandani na chaja ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa mkulima wa chai, mke wa Kipsang, mama wa Cheptoo na wavulana wawili. Aliiweka chaja mezani kwa vidole viwili kana kwamba ni nge.

"Fundi, hii kitu inalia."

"Inalia vipi?"

"Wiii, kama mbu. Baba Cheptoo anasema itatulipukia. Shemeji Mathew naye anasema chaja ikianza kulia, imebaki siku chache."

Oketch aliichomeka kwenye soketi yake, akainamisha sikio. Kweli ilikuwa inalia, sauti nyembamba, ya juu, isiyokatika. Akaichomeka simu yake iliyokuwa karibu kuzimika, sauti ikapotea. Akaichomoa simu, sauti ikarudi. Akatabasamu.

"Mama Cheptoo, ilianza lini?"

"Tangu tuinunue na simu. Miaka miwili sasa. Ila tulikuwa hatusikii, redio ilikuwa inalia zaidi. Redio imekufa, sasa tunasikia."

"Inalia sana wakati gani?"

Phyllis akafikiri. "Simu ikijaa. Au ikiwa imewekwa kwa ukuta bila simu."

"Basi wewe mwenyewe umenijibu."

Aliiacha kwenye umeme kwa saa nzima ikilisha simu, huku Phyllis akienda kununua chumvi na dawa ya ng'ombe. Aliporudi, akamwambia aishike. Ilikuwa vuguvugu tu. Akamwambia ainuse. Haikuwa na harufu. Ndipo akaifungua kwa kisu chembamba, akamwonyesha.

"Unaona hii kama kipande cha makaa kimezungushiwa nyaya? Hii ndiyo koili. Umeme unakatwa na kuwashwa hapa mara maelfu na maelfu kwa sekunde moja. Kila ukiwashwa, sumaku inaivuta koili kidogo, ukikatwa, inaiachilia. Inatetemeka. Simu ikiwa na njaa, mtetemo ni wa haraka mno, sikio la mtu haliupati. Simu ikishiba, chaja inafanya kazi kwa kupumzika pumzika, inawasha kidogo, inatulia, inawasha tena. Huo mwendo wa polepole ndio sikio linausikia. Gundi ya kushika koili ikiwa haikukaza vizuri, inaimba zaidi. Ile transfoma kubwa iko nyuma ya kiwanda, si inanguruma mchana kutwa? Umeona mtu akikimbia?"

"Hapana."

"Basi hii ni mtoto wake."

Akamwonyesha pia nafasi iliyoachwa katikati ya kibao, pana kama kidole kidogo, isiyo na chochote, na tepe ya manjano iliyozungushwa mara tatu kwenye koili. "Huku ni umeme wa ukuta, unaoua. Huku ni upande wa simu. Havigusani. Nguvu inavuka kwa sumaku tu. Aliyeitengeneza hii aliogopa Mungu."

"Kwa hiyo haina neno."

"Sauti hii haina neno. Sikiliza lakini, Mama Cheptoo. Ikianza kutoa mlio wa kukatika katika, kama mafuta yakikaanga kitu, ichomoe. Ikinuka kuungua, ikiwa moto hata huwezi kuishika, ikivimba, ikipasuka, au ikiongeza kelele ghafla kuliko ilivyozoea, ichomoe, uilete. Na simu ikikufinya mkono ikiwa kwenye umeme, usingoje hata siku moja."

Aliifunga kwa gundi, akamrudishia. Phyllis alisema kongoi, asante ya kwao, mara mbili, akaenda zake. Oketch akaendelea na kazi, akasahau.

Mathew Kipngeno, kaka mkubwa wa Kipsang, alikuwa na duka la vifaa vya simu upande wa pili wa barabara: vifuniko, earphone, betri, chaja za kila rangi zikining'inia kama ndizi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwimbaji kanisani, na msiba ukitokea yeye ndiye aliyetoa hema. Lakini aliogopa umeme kama mtu aogopavyo radi: hakujua unakotoka wala unakokwenda, alijua tu unaua. Wiki moja baada ya Phyllis kwenda kwa Oketch, Mathew alipita kwa ndugu yake kunywa chai, akaisikia ile chaja ikilia ukutani.

"Bado mnayo?"

"Fundi amesema haina neno," Phyllis akajibu.

"Fundi halali hapa. Nyinyi ndio mnalala hapa." Siku ya pili akaleta nyingine, nyeupe, nyepesi, mpya ndani ya plastiki. Akaichomeka. Wakasikiliza wote watatu. Kimya. Kipsang akacheka kwa raha. Mathew akaiweka ile ya zamani mfukoni, akasema atakwenda kuitupa.

Ile nyeupe ilikaa ukutani siku kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili, asubuhi, Kipsang alitoka kukamua. Alivua gambuti mlangoni kwa sababu Phyllis alikuwa amepiga deki, akaingia miguu mitupu, mikono ikiwa bado na maji ya kuoshea chuchu. Simu ililia juu ya kabati. Ilikuwa ya mtu wa pikipiki anayekusanya maziwa, akitaka kuuliza ni lita ngapi. Kipsang aliishika simu ikiwa kwenye chaja, mkono mzima ukaikumbatia fremu yake ya chuma. Umeme ukamshika. Phyllis, aliyekuwa jikoni, alisikia mkebe wa maziwa ukianguka. Nyumba yao iliwekewa umeme kwa haraka, ikiwa na mita ya tokeni na swichi, bila kifaa cha kukata umeme unapovuja kupitia mwili wa mtu. Hakuna kilichokata. Cheptoo ndiye aliyepata akili ya kuzima swichi kubwa. Walipofika naye hospitalini, waliambiwa alikuwa amekwisha kufa.

Walimzika Jumamosi, chini ya mvua, kando ya chai yake mwenyewe.

Oketch alikwenda mazishini na Yunia. Alishangaa watu walivyomwachia nafasi pale alipoketi, viti vitatu kila upande. Alifikiri ni heshima kwa mtu wa mbali. Yunia ndiye aliyejua. Wanawake wa shambani walikuwa wameacha kuongea alipowakaribia na kikapu chake.

"Baba Beverly," akamwambia njiani wakirudi, "wanasema ni wewe."

"Mimi nini?"

"Wanasema Mama Cheptoo alikuletea chaja inalia, ukamwambia haina neno."

Oketch alisimama katikati ya njia. "Kwani ni ile iliyomuua?"

"Ndivyo wanavyosema."

Hakulala vizuri wiki nzima. Alirudia kichwani kila alichokiona: tepe, nafasi, kapasita ya bluu ya usalama inayozuia umeme wa ukuta kuvuka, harufu, joto. Hakuona kosa. Lakini mtu aliyekufa ni ushahidi mzito kuliko macho ya fundi, na alianza kujitilia shaka. Labda alipoifunga aliacha ufa. Labda gundi. Alitamani aione tena.

Aliiona. Naibu wa chifu aliitisha kikao uwanjani kwa marehemu, wazee wa ukoo wakiwa upande mmoja na kamati ya soko upande wa pili. Oketch akaitwa. Mathew akasimama, macho mekundu, akatoa chaja mfukoni, akaichomeka kwenye waya wa kurefusha uliotoka dirishani.

Ikalia. Wiii.

Watu walishusha pumzi kwa pamoja. Mama mmoja akajifunika uso kwa leso.

"Hii ndiyo sauti ambayo ndugu yangu aliisikia akiogopa," Mathew akasema. "Na huyu akasema haina neno. Oketch, ulisema au hukusema?"

"Nilisema."

"Basi."

"Nipatieni niishike," Oketch akasema. Akaichomoa, akaifungua mbele yao. Ilikuwa safi. Hakukuwa na alama ya kuungua hata ndogo kama ncha ya sindano. Nafasi ilikuwa pale pale, tepe pale pale, gundi yake mwenyewe haijaguswa. "Wazee, angalieni. Umeme ukivuka kutoka ukutani hadi kwa simu, lazima uache njia. Unachoma. Hapa hakuna njia. Chaja hii haijaua mtu. Haiwezi. Kama Kipsang aliuawa na chaja, ni nyingine."

Mzee mmoja wa ukoo, aliyeketi na fimbo kati ya magoti, akasema taratibu, "Usituonyeshe matumbo ya chaja, fundi. Sisi hatukusoma hayo. Tumesikia inalia."

"Kulia si kosa, mzee."

"Kwa nini kitu kizima kilie?"

Watu wakaguna kukubali. Oketch akageuka kwa Phyllis. Alikuwa ameketi kwenye nyasi na wanawake, kitambaa cheusi kichwani, Cheptoo ubavuni pake. "Mama Cheptoo, wewe ulikuwepo. Ni hii ilikuwa kwa ukuta siku ile?"

Naibu wa chifu akarudia swali. Mathew naye alimtazama shemeji yake, na usoni mwake hakukuwa na vitisho. Kulikuwa na kitu kibaya zaidi, ombi.

Phyllis alitazama nyasi.

"Ndiyo hiyo," akasema.

Cheptoo aligeuza kichwa akamwangalia mama yake. Phyllis akamshika mkono kwa nguvu mpaka msichana akatazama chini.

Hawakumpiga Oketch, wala hawakumpeleka polisi. Naibu wa chifu alisema ni ajali, na hakuna mtu aliyekuwa ameomba maiti ichunguzwe. Kamati ya soko ilimwambia tu apumzishe kibanda mpaka mambo yatulie. Mwenyekiti alisema kwa upole, akamwita ndugu. Mambo hayakutulia. Wateja waliokuwa wameacha simu zao walikuja kuzichukua hata zile zilizokuwa zimefunguliwa, wakabeba parafujo ndani ya karatasi.

Mwezi wa sita Phyllis alikuja nyumbani kwa Oketch, mchana, Yunia akiwa amerudi kutoka kupima majani. Alikuwa na leso iliyofungwa fundo. Hakukaribishwa kiti, akaketi kwenye kizingiti.

"Sikuja kuomba msamaha," akasema. "Najua hautatosha."

Alifungua fundo. Ndani kulikuwa na chaja nyeupe, nyepesi kama kiberiti kitupu. Ilikuwa imegeuka rangi ya chai upande mmoja.

"Cheptoo aliichomoa siku ile, akaificha chini ya godoro lake. Ameniambia juzi. Fundi, nataka kujua tu. Ni hii?"

Oketch aliichukua. Haikuhitaji kisu, iliachana kwa kucha. Akainua kibao kwenye mwanga wa mlango. Nafasi kati ya umeme wa ukuta na upande wa simu ilikuwa nyembamba kuliko punje ya mchele. Koili ilikuwa na tepe mara moja tu, imechanika, na waya wa upande wa kuua ulilala juu ya waya wa upande wa simu kama mtu na mkewe. Kapasita ya usalama haikuwepo. Palikuwa na nyingine ya kawaida, ya bei ya peremende, nayo ilikuwa imepasuka. Katikati ya kibao palikuwa na mstari mweusi, umechorwa na moto, kutoka upande huu hadi ule.

"Ni hii," akasema.

Phyllis aliitikia kwa kichwa. "Alisema inamfinya. Tangu siku ya kwanza. Kila akishika simu ikiwa kwa umeme. Nikamwambia ni baridi ya asubuhi, vidole vimekufa ganzi. Ulikuwa umeniambia. Nilisahau. Hii haikuwa na sauti, fundi. Ningewezaje kuogopa kitu kisicho na sauti?"

Oketch alikirudisha kibao kwenye leso.

"Na ile ya zamani?" Phyllis akauliza. "Ingekaa pale ukutani mpaka leo, ingemuua?"

Oketch aliitazama ile leso. Angeweza kusema hajui. Yunia, aliyekuwa amesimama nyuma yake, alimgusa bega, na baadaye alimwambia alikuwa akimwomba adanganye. Lakini alikuwa amekaa maisha yake yote akisema anachokisikia na anachokiona, na hakuwa na kingine kilichobaki.

"Hapana," akasema. "Ingelia tu."

Phyllis akasema, kama anayesoma barua ya mtu mwingine: "Shamba liko kwa jina la baba mkwe. Alikufa kabla ya kugawa. Mathew ndiye mkubwa, ndiye wa kugawa. Siku ya kikao nilihesabu watoto wangu, nikakuhesabu wewe. Nyinyi mna nyumbani kwenu kule chini."

"Tuna kaburi la mama yangu kule chini," Oketch akasema. "Hatuna kingine."

Phyllis akasimama, akaiacha chaja na leso, akaondoka.

Yunia alitaka waende kwa naibu wa chifu siku hiyo hiyo. Oketch alikwenda kwanza kwa Mathew, kwa sababu alifikiri mtu anapaswa kuambiwa uso kwa uso. Alimkuta dukani peke yake. Aliweka kile kibao kwenye kaunta, akamwonyesha mstari mweusi kwa ncha ya kalamu, akamweleza polepole, bila kupandisha sauti. Mathew alisikiliza yote. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Mimi sikuitengeneza," akasema mwishowe. "Niliinunua kwa jumla, kama wengine. Niliogopa ile inayolia. Nilitaka kumwokoa."

"Najua."

"Basi unataka nifanye nini? Nisimame kanisani niseme nimemuua ndugu yangu?"

"Nataka uzitoe hizo." Oketch alionyesha ukutani, ambako nyeupe kama ile zilikuwa zimening'inia, kumi na nne au kumi na tano.

Mathew aliangalia ukuta, akaangalia kile kibao. Akakichukua, akakivunja vipande viwili kwa mikono yake, akavitupa kwenye jiko la makaa alilokuwa akiota. Plastiki ikatoa moshi mweusi. Oketch angeweza kumzuia. Alikuwa karibu, na alikuwa na nguvu. Hakumzuia. Baadaye hakujua kwa nini.

"Wewe ni mgeni hapa, Oketch," Mathew akasema, na sasa alikuwa analia. "Mimi nilimwaga udongo juu ya ndugu yangu."

Naibu wa chifu alimpokea Oketch vizuri, akamsikiliza, akauliza kile kifaa kiko wapi. Akauliza kama mjane atasema. Oketch akasema hafikirii. Naibu wa chifu akafunga daftari lake, akamwambia ampe salamu Yunia. Siku ya soko iliyofuata, Oketch alipita mbele ya duka. Zile nyeupe zilikuwa zimeondolewa ukutani. Zilikuwa zimewekwa kwenye beseni chini, barabarani, na kijana wa duka alikuwa akizitangaza kwa bei ya kutupa. Mwanamke mmoja alikuwa ameinua moja, ameiweka sikioni, anasikiliza.

Oketch alimwambia mwanamke yule asiinunue. Mwanamke alimtazama, akamtambua, akailipia.

Walihama mwezi wa nane, wakaenda Chebunyo, ambako hakuna chai, kuna ng'ombe na jua kali, na watu wanatumia sola zaidi kuliko umeme wa nguzo. Yunia aliacha kazi aliyoifanya tangu ujana, akawa anauza maharagwe. Oketch alipata baraza la duka la mtu, akatengeneza redio na taa. Wateja walikuwa wachache, na hakuna aliyemjua kwa jina.

Mwaka uliofuata, Bonareri, rafiki wa Yunia aliyekuwa akichuma chai naye, alimpigia simu kumpa habari za huko. Yunia alimsikiliza akiwa amesimama juani, kisha akaja barazani.

"Wamegawa shamba la kina Kipsang," akasema. "Mathew amechukua upande wa chai. Mama Cheptoo amepewa kule chini kwenye mawe, karibu na mto. Wanasema mwanamke asiyeweza kumtunza mume hawezi kutunza chai. Cheptoo ameacha shule."

Oketch alikuwa na redio wazi mbele yake. Alikiweka chuma cha kulehemia kwenye kishikio, akajifuta mikono.

"Alisema vile alivyosema kikaoni ili abaki kwenye chai," akasema.

"Ndiyo."

"Na hakubaki."

"Hakubaki, Baba Beverly."

Yunia alingoja aseme kitu kingine. Alidhani labda atasema Mama Cheptoo amelipwa, au Mungu ameona. Yeye mwenyewe alikuwa amelifikiria neno hilo njiani, na alikuwa tayari kulikubali likitoka kwa mumewe. Oketch hakulisema. Alikaa akitazama barabara, ambako ng'ombe wa mtu walikuwa wakipelekwa kunywa maji, mpaka mwenye redio akaja kuuliza kama iko tayari.

"Bado," akamwambia. "Rudi kesho."